Rafu Haina Deni

Rafu haina deni, aulizwe aliyeandika. Ndivyo alivyosema yule dereva wa lori asubuhi, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi hapo kwenye mifuko ya saruji. Si huo uliopasuka, huo mwingine. Maneno hayo yalizaliwa hapa Makambako, ndani ya duka hili hili, na mwenye kosa lililoyazaa ni mimi, Yoramu mwana wa Chaula. Watu wengi wanaosema methali hiyo hawajui hivyo, na kwa miaka mingi nilifurahi kwamba hawajui. Leo nitawaambia, kwa sababu kesho nitawaachia kaunta na mashine.

Duka lilikuwa la baba. Vifaa vya ujenzi, kama mnavyoona: rangi, misumari, mabati, brashi. Mbele palikuwa na kaunta na nyuma stoo, na utaratibu wa baba ulikuwa mmoja tu. Mteja analipa mbele, anaandikiwa risiti ya nakala tatu. Nyeupe ni yake. Ya njano inabaki kitabuni. Ya pinki anapita nayo nyuma, anamkabidhi mtunza stoo, na mtunza stoo akishampa mzigo anaandika juu yake tarehe ya kutoa, kisha anaitoboa kwenye msumari uliosimama juu ya kibao. Bila pinki hupati hata kibati kimoja, hata kama wewe ni shemeji yake baba.

Mtunza stoo alikuwa Mama Lusungu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa amekaa katika stoo ile miaka kumi na minne. Baba alimwachia funguo tangu siku ya kwanza. Hata kanisani kwao alikuwa ndiye anayetunza ufunguo wa mlango, maana watu walisema kitu kikiwa kwa Mama Lusungu kimelala salama. Kwenye kila rafu alikuwa ametundika kadi. Kitu kikiingia anaandika, kikitoka anaandika, na upande wa kulia anaandika baki. Ukitaka kujua ndoo za rangi nyeupe zimebaki ngapi, unasoma kadi, halafu unahesabu ndoo, na viwili hivyo vinalingana.

Mimi nilirudi kutoka chuoni nikiwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kikubwa kuliko kofia. Nilikuwa nimejifunza kompyuta. Baba alininunulia mashine iliyotumika, nikaiweka kwenye kijichumba kati ya kaunta na stoo, nikaandika programu ndogo ya kuhesabu mali. Msidhani ilikuwa kitu cha ajabu. Kulikuwa na faili la mizigo iliyoingia na faili la mauzo. Katika faili la mauzo kila mstari ulikuwa na vitu vinne: tarehe, namba ya risiti, jina la bidhaa, na idadi. Programu ilichukua bidhaa moja moja, ikajumlisha yote yaliyoingia, ikajumlisha yote yaliyouzwa, ikatoa jumla ya pili katika ile ya kwanza, ikaandika baki. Ndiyo kazi yake yote. Haikuona rafu. Iliona nilichoandika mimi, basi.

Baba aliwaita majirani waje waone. Nami nikavimba. Nikaingia stoo nikazitoa kadi zote za Mama Lusungu, nikazifunga kamba, nikazitupa juu ya dari.

"Mama, kadi sasa ni mambo ya kizamani," nikamwambia.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini siku tukitofautiana, mimi na mashine yako, nitaonyesha nini?"

Nikamwambia hatutatofautiana. Mnaona mtu alivyokuwa mjinga.

Zikapita wiki tisa. Kila jioni nilikaa na kitabu cha risiti nikaingiza nakala za njano za siku ile, moja baada ya nyingine. Alhamisi moja shule ya bweni ikalipia ndoo ishirini na mbili za rangi nyeupe na brashi kumi na mbili, risiti namba 0417. Gari lao lilikuwa bovu, wakasema mzigo watauchukua baadaye. Jioni ile nikaiingiza 0417 kama kawaida. Rangi mstari mmoja, brashi mstari wa pili, tarehe ya Alhamisi.

Jumamosi gari likaja, Mama Lusungu akatoa mzigo, akaandika kwenye ile pinki tarehe ya Jumamosi, akaitoboa kwenye msumari. Na Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa ananiletea pinki zote za wiki nizifunge pamoja. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na mpira uwanjani na wenzangu walikuwa wameshaanza kuniita. Nikaiona 0417 na ile tarehe ya Jumamosi iliyoandikwa kwa mkono, nikasema, hii ya leo imenipita. Sikufungua faili kuangalia. Nikaiingiza tena. Rangi mstari mmoja, brashi mstari wa pili, tarehe ya Jumamosi. Kisha nikakimbilia mpirani.

Mtauliza mbona programu haikunikataza. Kwa sababu sikuifundisha kukataza. Na msidhani ni jambo la kusema tu namba isijirudie, maana risiti moja huwa na bidhaa tatu au nne, kila moja mstari wake, na zote zina namba ile ile. Namba kujirudia peke yake si kosa. Kosa ni namba ile ile pamoja na bidhaa ile ile. Hilo nililijua chuoni, ila nilikuwa nimejiambia nitaliweka siku nyingine.

Jumatatu asubuhi wakala wa kiwanda cha rangi alikuwa anakuja kuchukua oda, na baba alitaka karatasi ya baki mezani kabla ya saa nne. Nikaendesha programu. Rangi nyeupe: baki, hasi kumi na nne.

Hasi, yaani chini ya sifuri. Ndoo kumi na nne pungufu ya hakuna. Nilikaa nikaitazama ile alama ya kutoa mbele ya namba kama mtu anayetazama doa kwenye shati lake la harusi. Na sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo aibu yangu ilipoanza. Sikujiuliza imetokeaje. Nilijiuliza baba atasemaje. Baba aliyewaita majirani. Atanicheka, nikawaza, atasema mashine ya Yoramu inauza ndoo za hewa. Basi nikafungua programu nikaongeza mstari mmoja: ikiwa baki ni chini ya sifuri, andika sifuri. Nikachapa upya. Karatasi ikatoka safi. Rangi nyeupe, baki sifuri.

Nikaipeleka mezani nikakaa kitako. Ilinichukua dakika mbili kazi ile, na nimeitubia maisha yangu yote.

Wakala akaja. Baba akatazama safu ya baki, akasema rangi nyeupe imekwisha kabisa, njoo uone mwenyewe nafasi ya kuweka mzigo mkubwa. Wakaingia stoo, wateja wawili nyuma yao, na mimi nyuma ya wateja. Kwenye rafu ya rangi nyeupe kulikuwa na ndoo nane.

Baba akazihesabu kwa kidole. Kisha akahesabu tena. Inabidi mjue kwamba mwaka ule mji ulikuwa umejaa habari za watunza stoo wanaoingiza mali zao kimya kimya kwenye maduka ya matajiri wao, wanawauzia wateja wa tajiri na faida wanatia mfukoni. Maduka mawili ya mtaa wa juu yalikuwa yamekumbwa na hilo. Kwa hiyo kupungukiwa si ndiko kulikomshtua baba. Alishtuka kukuta ziada.

"Mama Lusungu," akasema, "hizi nane ni za nani?"

"Za duka, Mzee Chaula."

"Duka halina hata moja. Karatasi hii hapa."

"Mimi sijui karatasi. Ninachojua ni kwamba hizi ni za duka."

Baba hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata nafuu. Alinyoosha mkono tu, na Mama Lusungu akaelewa, akaivua kamba ya funguo shingoni mbele ya wakala na wateja, akaiweka kwenye kiganja cha baba. Alipopita mlangoni alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme neno.

Sikusema neno. Nilijua kwamba karatasi ile haikuwa maneno ya mashine, ilikuwa maneno yangu. Nilikuwa bado sijui kosa liko wapi, lakini hilo nililijua, na nikanyamaza. Nikajiambia labda kweli ameingiza za kwake. Mtu akiogopa aibu yake huona uovu wa wenzake haraka sana.

Jumanne habari ilikuwa imefika sokoni. Jioni nikasikia kwamba wazee wa kanisa wamemtuma mtu kwa Mama Lusungu kuuomba ule ufunguo wa mlango. Walimwomba kwa upole, wakasema hadi mambo yatulie. Chakula nikakirudisha jikoni kama kilivyo. Mama yangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni meno.

Jumatano baba akaitisha kikao stooni, maana miaka kumi na minne si siku mbili, hakutaka kumfukuza mtu kama paka. Alimwita Mzee Mgaya, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu. Mama Lusungu akaja na kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye kopo tupu la rangi. Mashine nikaivuta hadi mlangoni.

Mzee Mgaya akaniambia nieleze. Nikaeleza, kwa sauti niliyokuwa naisikia kama ya mtu mwingine, kwamba programu inatoa mauzo katika mizigo iliyoingia, na kwamba baki ya rangi nyeupe ni sifuri.

"Naomba niione hiyo karatasi," akasema Mama Lusungu. "Tangu Jumatatu nasomewa tu."

Baba akampa. Akaisogeza karibu na miwani, akaisoma polepole kwa kidole, mstari wote, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyokuwa akisoma kadi zake. Baba alikuwa amesoma safu ya mwisho tu. Na mimi, mwerevu, nilikuwa nimeibadilisha safu ya mwisho tu.

"Mwanangu," akasema, "hapa pameandikwa zimeingia sabini na sita. Hapa pameandikwa zimeuzwa tisini. Hiyo sifuri umeipata wapi?"

Nikajifanya naangalia waya wa mashine.

"Yoramu," akasema baba. "Unaulizwa."

"Nimeiweka mimi," nikasema. "Mashine iliandika hasi kumi na nne. Nikaiambia ikifika chini ya sifuri iandike sifuri."

"Kwa nini?"

"Niliona haya, baba."

Nikaufuta ule mstari mbele yao, nikaendesha upya, na hasi kumi na nne ikarudi kwenye kioo. Mzee Mgaya akainama kuitazama. Baba naye akaitazama, na uso wake haukulegea kama nilivyotumaini. Ulizidi kukaza.

"Basi ni mbaya zaidi," akasema. "Ziliingia sabini na sita, zikauzwa tisini. Kumi na nne zilizozidi zilitoka wapi, kama si za mtu? Kumi na nne zimeshauzwa, nane zimebaki. Aliingiza ishirini na mbili."

Nilikuwa nimesema kweli, tena kwa kuchelewa, na kweli yangu ilikuwa inamzamisha zaidi.

Mama Lusungu akasimama.

"Mzee Chaula, rafu haina deni," akasema. "Rafu ina kitu au haina kitu. Haiwezi kuwa na ndoo hasi kumi na nne, haijawahi kuwa nazo tangu dunia iumbwe. Mkiona namba kama hiyo msimuulize aliyebeba kwanza. Aulizwe aliyeandika." Kisha akanigeukia. "Umesema hasi kumi na nne. Rafuni zipo nane. Kutoka kule chini hadi hapa ni ngapi?"

"Ishirini na mbili," nikasema.

"Nitafutie kwenye mashine yako ni nani aliyenunua ndoo ishirini na mbili."

Nikatafuta. Nikakosea herufi mara mbili. Mauzo mengi yalikuwa ya ndoo moja, mbili, tano. Ya ishirini na mbili yalitokea katika mistari miwili tu, mmoja wa Alhamisi na mmoja wa Jumamosi. Nikasoma namba za risiti kwa sauti. 0417. Na chini yake, 0417.

"Shule imenunua mara mbili?" akauliza Mzee Mgaya.

"Shule imenunua mara moja," akasema Mama Lusungu. "Imelipa Alhamisi, imechukua Jumamosi. Ile tarehe ya Jumamosi niliiandika mimi kwenye pinki, ni tarehe ya kutoa mzigo. Kitabu kipo, fungueni muone kama kuna 0417 mbili."

Kitabu kikafunguliwa. Ilikuwa moja, ya njano, ya Alhamisi. Baba akaigusa kwa kidole, akaisoma. Lakini baba alikuwa mtu wa kuhakikisha, na Mama Lusungu alimjua.

"Risiti hiyo ina brashi kumi na mbili pia," akasema. "Kama kijana ameandika mara mbili, basi brashi nazo zimepungua kwa mashine na hazijapungua rafuni. Brashi zilikuwa nyingi ndiyo maana hazikufika chini ya sifuri na hakuna aliyeshtuka. Zihesabuni."

Mashine ilisema brashi zimebaki thelathini na moja. Mzee Mgaya akaenda mwenyewe kwenye rafu, akazihesabu akiziweka kumi kumi sakafuni. Arobaini na tatu. Zimezidi kumi na mbili.

Mzee Mgaya akavua kofia yake. Baba akakaa chini kwenye sakafu ya stoo, mtu mzima yule, akaweka mikono kichwani.

Na mimi nilielewa kitu ambacho ningependa nanyi mkielewe leo bila kukilipia. Kosa la kuandika mara mbili lilikuwa kosa la haraka tu, lingeweza kumpata yeyote. Ile hasi kumi na nne ilikuwa shahidi. Ilikuwa inapiga kelele kwamba mtu amekosea kuandika, na hata ilikuwa inaonyesha amekosea kwa kiasi gani, maana ukiitazama pamoja na rafu inakupa ishirini na mbili kamili. Nilipoweka sifuri, tofauti ikawa nane, na nane haikuwa mauzo ya mtu yeyote, haikuongoza popote isipokuwa shingoni kwa Mama Lusungu. Nilimziba shahidi mdomo ili mimi nisichekwe.

Baba akampa funguo. Hakuzipokea.

"Nilivuliwa mbele ya watu," akasema. "Hapa ndani tupo wanne."

Kwa hiyo Jumamosi, siku ya soko, nilisimama kwenye baraza la duka, nikawaeleza watu niliyoyafanya. Niliongeza kwenye mashine mistari miwili, ndoo pungufu ishirini na mbili na brashi pungufu kumi na mbili, kusawazisha 0417 ya pili, mbele ya Mzee Mgaya, na sikuifuta ile yenye kosa, ibaki ionekane. Nikaifundisha programu kukataa risiti ile ile yenye bidhaa ile ile, na kusimama kabisa ikikuta baki chini ya sifuri, isiendelee hadi mtu aende rafuni. Nikazishusha kadi kutoka darini. Vijana wa sokoni wakayachukua maneno ya Mama Lusungu. Walianza kwa kunitania mimi, nikipita wanasema rafu haina deni, kisha wakawa wanayasema kwa kila jambo: mtu akimshuku mkewe kwa maneno ya kusikia, mwalimu akimchapa mtoto kwa alama alizozijumlisha vibaya. Ndivyo yalivyofika hadi kwa dereva wenu.

Mama Lusungu alipokea funguo Jumamosi ile ile, mbele ya watu, na kanisani walimrudishia ule wa mlango. Akafanya kazi nasi miaka kumi na mmoja zaidi. Alinisamehe, alinitamkia kwa kinywa chake. Lakini tangu Jumamosi ile, kila jioni kabla ya kutoka, alisimama mbele ya kaunta yangu, akafungua mkoba wake, akatoa kila kitu kilichomo: leso, miwani, Biblia ndogo, kipande cha sabuni. Anavipanga, ananingoja nitazame, kisha anavirudisha anaenda zake. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo. Nilimsihi aache. Nilimpigia magoti mara moja, duka likiwa limefungwa. Akanijibu, "Hapana, mwanangu, ni vizuri ukaona," na kesho yake akaufungua tena. Miaka kumi na mmoja, vijana, kila jioni, nami nikatazama.

Basi kesho mtakapokaa kwenye ile mashine mkakuta namba isiyowezekana, msiivishe nguo nzuri, wala msimtazame mwenzenu usoni. Nendeni rafuni mkahesabu, kisha mrudi mfungue mlichoandika kwa mikono yenu. Rafu haina deni, aulizwe aliyeandika.